Maembe Yaliyonunua Jana

Mwanafunzi wangu mmoja, dada kutoka Ujerumani aliyekuja Unguja kujifunza Kiswahili, alirudi sokoni Darajani asubuhi moja akiwa na mfuko wa maembe mabovu. Alikuwa amejiandaa. Njia nzima alikuwa akiirudia sentensi yake kimoyomoyo, na alipofika mbele ya mzee aliyemuuzia akaamkia, akaitikiwa, kisha akaisema bila kusita: "Mzee wangu, maembe yaliyonunua jana yameoza."

Mzee akayatazama maembe, akamtazama na yeye. "Mwanangu," akamuuliza kwa upole, "kwani maembe yalinunua nini?"

Alibadilishiwa maembe na mambo yakaisha. Mimi ndiye niliyebaki na sentensi ile siku nzima. Kwa wiki mbili dada yule alikuwa akifanya mazoezi kwa kadi 30 nilizomwandikia kutoka kwenye sura ya kirejeshi, na siku ile alipokwenda sokoni alikuwa akizijibu zote 30 bila kukosea. Alijua kwamba maembe yanadai "ya" na "yo". Alijua "yo" inakaa baada ya "li". Kila kitu ambacho kadi zilimfundisha alikisema sawasawa. Jambo moja tu hazikumwuliza hata mara moja: ni nani aliyenunua?

Nikazitoa kadi zangu, nikazipanga mezani, nikaanza upya. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa watu wengi siku hizi wanaombwa kumsaidia mgeni kujifunza Kiswahili: mwongoza watalii, jirani, mke au mume, shangazi mwenye watoto wa ndugu waliokulia ughaibuni. Kitabu cha kozi kinapatikana. Kadi kila mtu anaweza kuzikata. Ugumu uko katikati, pale sura ya sarufi inapotakiwa igeuke kuwa maswali madogo ya kujibu kwa mdomo.

Kwanza tuitazame sura yenyewe, maana sisi tuliozaliwa na lugha hii hatujawahi kuiona kwa nje. Tunasema "kitabu nilichonunua" tangu utotoni bila kujua kwamba hapo ndani kuna fundo. "Ni" ni mimi. "Li" ni wakati uliopita. "Cho" ndiyo kamba inayorudi nyuma kukishika kitabu. "Nunua" ni kitendo. Kile kipande cha "cho", pamoja na ndugu zake "ye", "yo", "lo", "vyo", "zo" na wengine, ndicho walimu wanachokiita o-rejeshi. Katika kitabu tunachotumia darasani sura yake ina kurasa tano: maelezo, jedwali kubwa la ngeli, orodha ya nyakati zinazokubali kirejeshi na zisizokubali, na mwishoni sentensi 12 za mazoezi.

Nilipoandika kadi zile za kwanza nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Nilishika jedwali nikalikata vipande. Safu ya kitabu ikawa kadi: "Kitabu ____potea kimepatikana", jibu "kilicho". Safu ya maembe ikawa kadi nyingine: "Maembe ____oza yametupwa", jibu "yaliyo". Kwa sababu jedwali lilikuwa na mifano ya vitu vinavyojitendea wenyewe, yaani kitabu kilichopotea, mti ulioanguka, nyumba iliyoungua, kadi zote 30 zikawa za namna hiyo. Mwanafunzi akajifunza kwamba "ki" huenda na "cho", "ya" huenda na "yo", "u" huenda na "o", mithili ya soksi na mwenzake. Sheria hiyo haimo kitabuni. Niliizua mimi bila kujua, kwa mifano niliyoichagua.

Mazoezi ya aina hii yana historia, na inafaa kuijua kidogo kwa sababu kasoro yangu ilikuwa kasoro ya zamani. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, vita vilipodai askari wajifunze lugha haraka, walimu kama Charles Fries wa Chuo Kikuu cha Michigan walisisitiza kwamba lugha ni mazoea ya miundo inayojirudia. Muundo huo ndio unaoitwa ruwaza. Mwalimu husema "Kitabu kimepotea", kisha anatamka neno moja, "kisu", na mwanafunzi anajibu "Kisu kimepotea". "Viatu." "Viatu vimepotea." Kiswahili nacho kiliingia humo: mapema miaka ya 1960 taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani ilitoa kozi ya Kiswahili iliyoandaliwa na Earl Stevick pamoja na wasemaji wa lugha, na kozi hiyo imejaa mazoezi ya kubadilisha neno moja ndani ya sentensi iliyosimama.

Mazoezi yale yana nguvu yake. Mdomo unazoea, na upatanisho wa ngeli ni jambo la mdomo kuliko la kichwa. Lakini mtu anaweza kuyajibu usingizini. Akisikia "viatu" anarusha "vimepotea", iwe ameelewa au hajaelewa. Stevick mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 kuhusu kumbukumbu na maana katika kujifunza lugha, alitia uzito mkubwa kwenye maana: kile mtu alichokisema huku akikifikiria ndicho kinachokaa. Kadi nzuri, kwa maoni yangu, inachukua ruwaza ya wale wa kwanza lakini inafunga mlango wa kujibu usingizini.

Mlango huo unafungwa hivi. Kabla ya kuandika kadi hata moja, chukua karatasi tupu, funga kitabu, ujiulize: mtu anayetaka kusema "maembe tuliyonunua" analazimika kuamua mambo gani, moja baada ya jingine? Swali hili ni tofauti na kuuliza sura inasema nini. Sura inasema mambo mengi. Maamuzi ni machache. Nilipofanya hivyo kwa o-rejeshi nilipata manne. Nani anatenda, kile kinachozungumzwa au mtu mwingine? Kinachozungumzwa ni cha ngeli gani? Wakati wenyewe unakubali kirejeshi, na ukikataa nifanyeje? Na mtendaji akiwa na jina, jina lake nalikalisha wapi? Kila kadi inapaswa kuulizia uamuzi mmoja kati ya hayo, huku mengine yote yakiwa rahisi.

Uamuzi wa kwanza ndio uliomkwamisha yule dada, nao haufundishiki kwa kadi moja moja. Unahitaji jozi. Hizi hapa mbili, kama nilivyoziandika mara ya pili.

Mbele: Kiti kilivunjika. Kiti kiko nje. Kiti ______ kiko nje.
Nyuma: Kiti kilichovunjika kiko nje.

Mbele: Nilivunja kiti. Kiti kiko nje. Kiti ______ kiko nje.
Nyuma: Kiti nilichovunja kiko nje.

Zitazame kwa makini. Mstari wenye pengo ni uleule katika kadi zote mbili, herufi kwa herufi. Anayetupia jicho pengo na kukimbilia jibu hawezi kujua ni "kilicho" au "nilicho". Inambidi asome sentensi ya kwanza na kuielewa: kiti kilivunjika chenyewe, au nilikivunja mimi? Hapo maana imelazimishwa bila kuongeza neno la Kijerumani wala la Kiingereza upande wa mbele. Kadi nzima ni ya Kiswahili, na mwanafunzi haendi kwenye lugha yake kuazima mpangilio wa maneno.

Niliandika jozi nne za namna hiyo, kadi 8. Barua iliyofika na barua uliyoandika. Maembe yaliyooza na maembe tuliyonunua, kwa heshima ya yule mzee wa Darajani. Wageni waliokuja na wageni niliowaalika. Jozi hizi za watu zinahitaji uangalifu, kwa kuwa Kiswahili kina mahali ambapo sisi wenyewe tunategemea muktadha. Ukisema "mtoto aliyempiga Juma analia", je, mtoto alimpiga Juma, au Juma alimpiga mtoto? Sentensi inabeba maana zote mbili, na sisi tunaokoka kwa sababu tunajua nani analia na kwa nini. Sentensi ya aina hiyo isiingie kwenye kadi. Kadi yenye majibu mawili yanayopigana humfundisha mwanafunzi kuishuku kadi.

Uamuzi wa pili, wa ngeli, ndio uliokuwa umeshika kurasa mbili za jedwali, na hapo niligundua kwamba jedwali linatisha kuliko jambo lenyewe. Ukizipanga ngeli kwa safu utapata kama safu 15. Ukizipanga kwa umbo la kirejeshi, maumbo yako 10 tu, na matatu kati yake, "po", "ko" na "mo", ni ya mahali, nayo niliyaachia sura yake. Yanabaki saba. "O" peke yake inawabeba watu waliokuja, mti ulioanguka na ufunguo uliopotea. "Yo" inabeba miti, mayai na nyumba. Basi sina haja ya kadi kwa kila safu. Nina haja ya kadi pale ambapo mwanafunzi anaweza kushika nomino isiyo yenyewe.

Na mahali penyewe ni hapa: nomino inapokaa mbali na kirejeshi chake, huku nomino nyingine imejipenyeza katikati.

Mbele: Nilipiga picha za mtoto. Picha za mtoto zimefutika. Picha za mtoto ______ zimefutika.
Nyuma: Picha za mtoto nilizopiga zimefutika.

Neno lililo karibu na pengo ni "mtoto". Mwanafunzi mwenye haraka atasema "niliyepiga", na hapo atakuwa amesema kitu kingine kabisa, cha kumsikitikia mtoto. Hivyohivyo kwa "mlango wa chumba niliofunga", ambapo chumba kinavuta "cho" kwa nguvu zote, na "chumba cha wageni tulichosafisha", ambapo wageni wanavuta "o". Kadi tano za namna hii zinafanya kazi kuliko safu 15 za jedwali. Nyingine tano nikazitenga kwa viumbe hai vyenye sura ya ngeli nyingine: kijana aliyepiga simu, viongozi waliochaguliwa, kiboko aliyetoka mtoni. Kwa sisi ni jambo la kawaida kwamba kijana hapatani na "kilicho", lakini mgeni aliyeshika "ki" na "cho" kwa bidii ndiye hasa anayeteleza hapo. Bidii yake ndiyo inayompeleka kwenye kosa.

Kuhusu sentensi zenyewe nina msimamo, na sitaki kuulegeza. Usiandike kadi yenye sentensi ambayo hujawahi kuisikia mtu akiisema. Katika vitabu vya kozi, hata vizuri, utakuta "Kisu kilichoanguka ni kirefu" au "Wazee ambao wanaimba ni wanene". Sarufi yake haina kasoro, ila hakuna anayesema. Mwanafunzi akiyameza hayo, siku ya siku hana pa kuyatumia. Mimi huketi na daftari nikiwa kwenye daladala au barazani na kuandika virejeshi ninavyovisikia kama vilivyo: "ile pesa niliyokupa", "yule aliyekaa dirishani", "chakula kilichobaki", "siku niliyokuja". Kisha ninazifupisha mpaka sentensi ya pengo ibaki na maneno yasiyozidi sita au saba. Neno geni nisiliruhusu hata moja. Mwanafunzi akikwama, nataka nijue amekwama kwenye kirejeshi, si kwenye maana ya "kufutika". Ndiyo maana kabla ya kugawa kadi namsomesha maneno yote 40 au 50 yaliyomo, na lile asilolijua ninalibadilisha.

Nyakati nazo zinataka kadi 8, na hapa kitabu kina msaada mkubwa kwa sababu orodha yake ni ya kweli na fupi. "Na" na "li" zinapokea kirejeshi bila maneno: ninachosoma, nilichosoma. "Ta" inapokea lakini inadai "ka" iongezeke: nitakachosoma. "Me" haipokei kabisa. Hakuna "nimechosoma" popote kwenye Kiswahili sanifu, na hapo ndipo tunapolikimbilia neno "amba": kitabu ambacho nimesoma. Kwenye ukanushi mambo yanakuwa mepesi kwa namna ya kupendeza, maana "sisomi", "sikusoma" na "sijasoma" zote zinaingia kwenye umbo moja, "nisichosoma", na wakati unaachiwa muktadha.

Kadi ya "me" ilinisumbua. Ukiandika mbele "Nimepika chai. Chai iko mezani. Chai ______ iko mezani", mwanafunzi anaweza kujibu "ambayo nimepika" au "niliyopika", na yote mawili ni Kiswahili kizuri. Kadi isiyojua jibu lake ni mzigo. Dawa niliyoipata ni kuanzisha jibu: "Chai amba______ iko mezani." Sasa njia ni moja. Jambo ambalo sikulifanya, ingawa walimu wenzangu wengine hulifanya, ni kuandika umbo la makosa upande wa mbele na kumtaka mwanafunzi alisahihishe. Jicho halichagui cha kukumbuka. Ukimwonyesha "nimeyopika" mara kumi, mara ya kumi na moja litamtoka.

Vilevile niliamua mapema kuhusu "ki" ya yambwa, kile kipande cha pili katika "nilichokivunja". Tunasema "kiti nilichovunja", tunasema pia "kiti nilichokivunja", na tofauti yake ni ya msisitizo, wala si ya sura hii. Kwa vitu nikaiacha isiwepo kwenye kadi zote. Kwa watu nikaiweka kwenye kadi zote, maana "mtu niliyeona" halikai sawa na "mtu niliyemwona". Mwanafunzi aliambiwa hivyo siku ya kwanza. Na ile "asemaye, aendaye" isiyo na wakati sikuigusa: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataikuta kwenye "wiki ijayo" na "mwaka ujao", na hayo ayajue kama maneno tu.

Uamuzi wa nne ulihitaji kadi 4 peke yake, lakini naupenda kuliko yote kwa kuwa ndio unaomtambulisha msemaji. Juma alinunua kiti, kiti kimevunjika. Ukiwaunganisha, mgeni atasema "Kiti Juma alichonunua kimevunjika", maana kwenye lugha yake mtendaji hutangulia kitendo. Sisi tunasema "Kiti alichonunua Juma kimevunjika". Kirejeshi hakipendi kutengwa na kile kinachokirejelea, kwa hiyo Juma anasogea nyuma. "Wali aliopika mama umekwisha." "Barua aliyoandika babu imepotea." Katika vitabu vingi jambo hili liko kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo, au halipo, nami nililiandikia kadi kwa kuwa nimewasikia wageni waliokaa hapa miaka kumi, wanaojua ngeli zote, ambao bado wanasema "kiti Juma alichonunua".

Basi 8, 10, 8 na 4: kadi 30 tena, idadi ileile ya mwanzo. Nilikata manila vipande vya ukubwa wa karata, mbele wino wa buluu, nyuma mweusi. Tunazipitisha kwa njia ambayo Mjerumani Sebastian Leitner aliieleza kwenye kitabu mwaka 1972, na boksi la viatu linatosha. Boksi linagawanywa vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza. Ukiipata, inasogea chumba kinachofuata. Ukiikosa, hata kama ilikuwa chumba cha nne, inarudi cha kwanza. Chumba cha kwanza kinapitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kwa siku nne, cha nne kwa wiki, cha tano kwa wiki mbili. Siku ya kwanza na ya pili nampa kadi za uamuzi mmoja kwa mfululizo ili ruwaza imkae mdomoni. Kuanzia siku ya tatu zinachanganywa kama karata, kwa sababu mazungumzo hayatamtangazia kwamba sasa inakuja ngeli.

Anayependa simu atumie programu ya Anki, ambayo kwenye Android inapatikana bure kwa jina la AnkiDroid, nayo hupanga siku za kurudia yenyewe. Kadi zote zinaweza kuandikwa kwenye faili moja la maandishi kwenye kompyuta, kila kadi mstari wake, mbele na nyuma zikitenganishwa kwa nukta mkato:

```
#separator:Semicolon
Kiti kilivunjika. Kiti kiko nje. Kiti ___ kiko nje.;Kiti kilichovunjika kiko nje.
Nilivunja kiti. Kiti kiko nje. Kiti ___ kiko nje.;Kiti nilichovunja kiko nje.
```

Ndani ya sentensi zenyewe nukta mkato isitumike, la sivyo kadi itakatika pasipostahili.

Iwe manila au simu, jibu ni sentensi nzima kwa sauti. Mwanafunzi akisema "nilichovunja" na kunyamaza, hajaijibu kadi. Sababu mojawapo ni mkazo. Neno likirefuka kwa kirejeshi, wageni hupenda kuupiga "cho" mkazo kana kwamba ndiyo mkuu wa msafara, ilhali mkazo wa neno lote uko palepale unapokuwa siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho: nilichovu-NJA si sahihi, nili-CHO-vunja si sahihi, ni nilicho-VU-nja. Hilo huwezi kulisikia mpaka neno liwe ndani ya sentensi inayotembea.

Kadi ikiharibika hutoa dalili, na dalili ya kwanza haionekani kwenye makosa. Inaonekana kwenye majibu sahihi. Mtazame macho. Akijibu kabla macho hayajafika mwisho wa kadi, anaitambua kadi kwa sura yake, pengine kwa doa la chai lililo pembeni. Hapo ninafanya jaribio dogo: naisoma kadi kwa mdomo huku nimebadilisha nomino, "kiti" inakuwa "meza". Akisema "Meza niliyovunja iko nje", ruwaza anayo. Akisema "Meza nilichovunja", alikuwa na kadi tu. Kadi za namna hiyo sizitupi, naziandika upya kwa nomino nyingine na kuzirudisha chumba cha kwanza. Katika kadi zangu 30 za kwanza, naamini zote zilikuwa zimefika hali hiyo.

Dalili nyingine ni kadi moja inayokosewa kila siku wakati ndugu zake zinapita. Mara nyingi mwanafunzi si wa kulaumiwa. Kadi ile ya "mlango wa chumba niliofunga" ilirudi chumba cha kwanza mara sita. Nilipomwuliza ananiona nikisema nini, yule dada akanieleza kwamba yeye hafungi milango, anafunga vyumba, kwa hiyo kwake chumba ndicho kilichofungwa. Alikuwa na hoja. Nikaigeuza: "Mlango wa chumba niliopaka rangi." Ikapita siku iliyofuata.

Baada ya wiki tatu kadi 24 zilikuwa zimefika chumba cha nne au cha tano. Nikaziweka kando tukaenda Darajani, bila kadi, kazi yake ikiwa kunieleza kila alichokiona kwa kirejeshi. "Ndizi zinazoning'inia pale." "Samaki walioletwa asubuhi." "Mama anayekuna nazi." Akafika kwenye meza ya yule mzee wa maembe, akaamkia, akachagua mawili na kuyageuza mkononi. "Mzee wangu, maembe niliyonunua kwako mwezi uliopita yalikuwa mabovu. Haya je?"

Mzee akamwambia haya yameletwa jana kutoka shamba. Akayanunua. Tulipokuwa tukirudi akanionyesha gari lililopita na kusema, "Lile gari mjomba wangu aliyonunua linafanana na hili."

Nikatoa kalamu. Gari ni "lo", na mjomba akae nyuma: gari alilonunua mjomba wangu. Maamuzi mawili kwa mpigo, ambayo hakuna kadi yangu hata moja iliyoyaweka pamoja. Jioni ile nikakata vipande vingine sita vya manila.